Mrejesho: Barua ya vipimo vya sare kwa fundi

Niliuliza: “Namwandikia fundi vipimo vya sare ya binti yangu wa miaka 7. Niongeze inchi ngapi ili aivae mpaka mwakani?”

Asanteni sana, sare imekuja na imemkaa vizuri. Mara ya kwanza sketi ilizidi inchi 6, kwa sababu mimi niliongeza 3 kwenye kipimo na fundi naye akaongeza zake 3. Safari hii nilitenganisha kipimo cha mwili na nafasi ya kukua:

“Fundi, salaam. Hivi ni vipimo vya mwili, sijaongeza kitu. Sketi: kiuno 22, urefu 18. Iishie hapo hapo, ila upindo wa ndani uwe inchi 3 ili nije niushushe. Kiunoni weka lastiki kwa nyuma. Shati: kifua 25, likikamilika mzunguko uwe 30. Mabega 11, usizidishe zaidi ya nusu inchi.”

Kwenye mabega niwe mkweli, awali nilitaka yaongezwe inchi 2. Yakizidi hivyo, mshono unashukia mkononi na shati zima linamlegea mtoto. Kitambaa nilikifua kwanza, kisije kikarudi baada ya kushonwa.