Muuguzi akipewa kazi ya usingizi, atabaki kituoni au tunamwandalia safari?

Mjumbe wa Kamati

Habari za leo wakuu. Mimi si mtaalamu wa afya, ni mkulima na mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya cha kata yetu. Tulijengewa chumba cha upasuaji, tukapeleka muuguzi mmoja akasomee kutoa dawa ya usingizi kwa miezi mitatu. Alirudi, akafanya kazi vizuri mwaka na nusu, sasa ameomba uhamisho. Wilaya inasema tuteue mwingine apelekwe. Nauliza, kuwapa wauguzi kazi hizi za juu kunatusaidia kubaki nao, au ndiko kunakotukimbizia?

Nesi wa Kanda ya Ziwa

Mjumbe, huyo muuguzi wako ningeweza kuwa mimi. Na mimi nilisoma miezi mitatu, nikarudi kituoni nikiwa mtu pekee wa usingizi. Nikueleze wiki yangu ilivyokuwa.

Saa za kazi za serikali ni 40 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Hizo 128 zinazobaki nazo zilikuwa zangu, kwa sababu mjamzito akikwama saa nane usiku hapakuwa na mwingine wa kupigiwa simu. Sikuweza kwenda msibani kijiji cha pili. Simu ikiisha chaji nahisi nimeua mtu. Na asubuhi saa moja na nusu jina langu lipo kwenye zamu ya wodi kama kawaida, maana kwenye orodha ya watumishi mimi bado ni muuguzi wa wodi.

Kazi yenyewe nilikuwa naipenda, hilo liandikwe. Ukichoma sindano ya mgongo vizuri, mama anasikia mtoto wake analia, hakuna raha kama hiyo. Lakini dakika chache baada ya sindano ile presha huwa inashuka, inabidi ukae kichwani pa mgonjwa, upime kila mara, dripu ikimbie, efedrini iwe imeshavutwa kwenye bomba. Huwezi kuondoka hapo hata kwa dakika mbili. Usiku mmoja mtoto alizaliwa amechoka, mkunga akaniita nisaidie kumpa hewa, huku presha ya mama inateremka. Nilibaki kwa mama. Mtoto alipona, ila ile ndiyo wiki niliyoandika barua ya uhamisho.

Kijana wa Uchumi

Jibu ni pesa, tusizunguke. Malawi kati ya 2004 na 2010 waliwaongezea watumishi wa afya 52% ya mshahara kwa fedha za wafadhili na watu wakabaki. Hapa tunampa mtu kazi ya daktari kwa mshahara wa muuguzi halafu tunashangaa. Mpeni posho, hatoki.

Katibu wa Afya Mstaafu

Kijana, Malawi umeipata nusu. Ile nyongeza ilikwenda kwa kada 11 kwa pamoja, na ilikatwa kodi, kwa hiyo iliyofika mfukoni ilikuwa pungufu ya hiyo 52%. Halafu mpango uleule ulimwaga fedha nyingi vyuoni ili wahitimu waongezeke. Ukichukua posho peke yake ukaacha vyuo na ajira, umechukua mguu mmoja wa kigoda.

Mimi nimekaa ofisi za afya za wilaya kwa miaka mingi, na swali la kwanza ninalowauliza watu kama Mjumbe ni ikama: mna watu wangapi? Hebu tuhesabu pamoja. Mwaka una saa 8,760. Mtumishi mmoja wa saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwenye karatasi. Ondoa likizo ya siku 28, ambayo ni wiki 4, yaani saa 160. Ondoa sikukuu, tuseme siku 17, saa 136. Ondoa siku 10 za ugonjwa na semina, saa 80. Zinabaki 1,704. Gawanya 8,760 kwa 1,704, unapata watu 5 na kidogo. Yaani kiti kimoja kisichotakiwa kuwa wazi usiku na mchana kinataka watu watano.

Hakuna kituo cha kata kitakachopata watano wa usingizi, na hawahitajiki, kwa sababu kazi hii si ya kukaa zamu bali ya kuitwa. Lakini mmoja ni sawa na kutokuwa naye. Akienda likizo ya uzazi ya siku 84, thieta mnaifunga siku 84. Mlipomsomesha mmoja, mlikuwa tayari mmeshapanga aondoke, ila hamkujua. Pelekeni wawili kwa mkupuo au msipeleke kabisa.

Mwenye Diploma

Samahani, mnasema wauguzi wanakimbia? Mimi nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, leseni ya Baraza ninayo, mwaka wa tatu huu nauza vocha. Nimeomba kila ajira zinapotangazwa. Mnazungumzia uhaba gani jamani? Mwajirini aliyepo mtaani kabla ya kumpa aliyepo kazini kazi tatu.

Mjumbe wa Kamati

Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikuwa nauliza habari ya huyu wa usingizi.

Katibu wa Afya Mstaafu

Mwache, Mjumbe. Ametoka nje ya swali lakini amegusa mzizi. Uhaba tulio nao una sura mbili, pengo kwenye ikama na wahitimu mitaani. Katikati yao kuna kibali cha ajira, na kibali hakitolewi na halmashauri. Ndiyo maana kugawa majukumu kunapendwa sana huku chini, ni jambo unaloweza kulifanya kesho asubuhi bila kibali cha mtu. Ila ukimtoa muuguzi wodini ukampeleka thieta, wodini umeacha shimo. Kazi imehamishwa, mtu hajaongezeka.

Sasa turudi kwenye posho ya Kijana wa Uchumi, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mjumbe, kituo chenu kinakusanya kiasi gani?

Mjumbe wa Kamati

Mwezi mzuri milioni 4 hivi. Mwezi wa kulima haifiki.

Katibu wa Afya Mstaafu

Haya. Upasuaji wa usiku unamwita mpasuaji, wa usingizi, msaidizi wa mezani na mkunga wa kumpokea mtoto. Watu wanne. Tuseme tu, kwa mfano, mnamlipa kila anayekaa tayari shilingi 15,000 kwa usiku. Usiku 30 ni 450,000 kwa mtu, 1,800,000 kwa wanne. Karibu nusu ya makusanyo yenu ya mwezi mzuri. Na mjamzito yuko kwenye msamaha, halipi. Ina maana huduma inayowaamsha watu usiku haileti hata senti kwenye sanduku linalotakiwa kuwalipa. Kadiri thieta inavyofanya kazi, deni la posho linakua na mapato yanabaki palepale. Muuguzi anaona wenzake wa maabara wanaingiza fedha, yeye anaambiwa subiri. Hapo hata mganga mfawidhi mwenye roho nzuri anakosa la kusema.

Mama wa Watatu

Mimi nasoma tu nacheka kwa uchungu. Kabla thieta yetu haijafunguliwa nilipelekwa hospitali ya wilaya usiku, mvua inanyesha, gari la wagonjwa likakwama mtoni. Mtoto wangu wa pili sikurudi naye. Hesabuni posho, sawa, lakini msije mkafika mahali pa kusema bora ifungwe.

Tabibu wa Zamani

Pole mama. Hakuna atakayesema hivyo, nadhani.

Mimi niliingia kazini kama tabibu, nikasoma miaka miwili nikawa daktari msaidizi, nikafanya upasuaji wa uzazi kwenye hospitali za wilaya mpaka nastaafu. Vijana wengi hawajui kwamba kugawa majukumu si wazo la jana. Kada yetu ilianza miaka ya 1960, na huko Kigoma na Mwanza sisi ndio tuliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi. Sasa mafunzo ya kada hiyo yamesitishwa.

Tazama Msumbiji. Mwaka 1984 walianza kufundisha mafundi wa upasuaji, watu wa kada ya kati kama sisi. Baadaye watafiti walifuatilia waliohitimu miaka tofauti: baada ya miaka 7, 88% ya mafundi hao walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya. Madaktari waliopangiwa huko miaka ileile hawakubaki hata mmoja. Kwa hiyo kwa swali la Mjumbe, kazi ya juu inaweza kabisa kumbakiza mtu. Sharti ni kwamba iwe kada, yenye jina, mshahara wake na ngazi ya kupanda. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na cheo. Muuguzi wenu mlimpa kazi bila cheo.

Nesi wa Kanda ya Ziwa

Shikamoo mzee. Nakubaliana nusu. Cheti changu cha miezi mitatu hakikunipandisha daraja hata moja. Nilipoomba kupandishwa niliulizwa kazi za muuguzi wa wodi, na zile sikuwa nimezifanya kwa sababu usiku wote nilikuwa thieta. Hapo umesema kweli.

Ila hao wa Msumbiji, mzee, si walibaki pia kwa sababu cheti chao hakikuwa na pa kwenda? Nje ya nchi yao hakuna aliyekitambua. Daktari alikuwa na mlango, fundi hakuwa nao. Sasa mnataka sisi tushikiliwe kwa kupewa karatasi isiyovuka mpaka? Leseni yangu ya uuguzi inanifungulia Ghuba na Uingereza. Ile ya usingizi ya miezi mitatu inafunguka kituoni tu.

Tabibu wa Zamani

Marahaba mwanangu. Sikatai, karatasi ilikuwa ukuta. Lakini daktari wa Msumbiji hakuhitaji kwenda Ureno ili aondoke wilayani, Maputo ilitosha. Hata fundi angeweza kutafuta Maputo. Wengi hawakutafuta.

Nesi wa Kanda ya Ziwa

Au Maputo hakukuwa na nafasi ya fundi, kwa kuwa madaktari walikuwa huko tayari.

Tabibu wa Zamani

Inawezekana. Hilo sina jibu lake.

Kijana wa Uchumi

Si mumfunge kwa mkataba basi? Umesomeshwa na halmashauri, utumikie miaka mitatu.

Katibu wa Afya Mstaafu

Miezi mitatu ya masomo kwa miaka mitatu ya kutumikia ni bei ghali, na mtu anayelazimishwa utamjua. Simu yake haipatikani Jumamosi, rufaa zinaongezeka wikiendi kuliko siku za kazi. Mjumbe, fungua kitabu cha rufaa cha kituo chako uone siku zake, utajua muuguzi wenu alianza kuondoka lini. Mara nyingi ni miezi kabla ya barua.

Mimi kwenye kikao ningedai mambo mawili. Mmoja asiende peke yake, waende wawili. Na wale wawili waondolewe kabisa kwenye orodha ya zamu za wodi kwa maandishi, barua iwe kwenye jalada lao, ili siku ya kupandishwa daraja wapimwe kwa kazi wanayoifanya. Posho ipangwe kidogo inayolipika kila mwezi kuliko kubwa inayoandikwa deni.

Mjumbe wa Kamati

Kitabu nimekitazama leo. Rufaa za uzazi za Jumamosi na Jumapili zilianza kuongezeka mwezi wa nne, barua aliandika wa nane. Hatukuona.

Tatizo ni moja. Wauguzi wa wodi wako wanne kwa jumla. Nikipeleka wawili nikawatoa kwenye zamu, wodi inabaki na wawili usiku na mchana.

Mwenye Diploma

Mheshimiwa Mjumbe, shikamoo. Kamati si inaweza kuajiri wa mkataba kwa makusanyo ya ndani? Kuna vituo vinafanya hivyo.

Katibu wa Afya Mstaafu

Inawezekana halmashauri ikiridhia. Lakini ni kutoka kwenye milioni 4 ileile.