Tupeane uzoefu: chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, isifurike wala isiwe chungu

Mama Zuu, Tanga
Jumapili nilikuwa na wageni wanne. Nilipima maji nusu lita na maziwa nusu lita, nikatwanga tangawizi mbichi na iliki, nikatia vyote pamoja na majani kwenye sufuria moja, nikabandika. Kugeuka tu kukata mkate, maziwa yakafura, yakazima nusu ya mkaa. Iliyobaki ilikuwa na mabonge madogo meupe, tena chungu. Nikawapa wageni chai ya rangi. Mwenzangu aliyewahi kupata haya aeleze alivyoyamaliza.

Kijana wa Sinza
Pole mama. Hayo mabonge ni tangawizi, ina uchachu kama ndimu. Mimi natia sukari mapema, uchachu unapungua. Na mwiko uulaze juu ya sufuria, haimwagiki kamwe.

Mpika Chai wa Asubuhi, Morogoro
Kwamba ni tangawizi, hapo umepatia mdogo wangu, lakini si uchachu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kinafanya kazi vizuri sana maziwa yakiwa ya moto ila hayajachemka. Guangdong, Uchina, wanakitumia makusudi: wanamwaga maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yanaganda laini, wanakula kwa kijiko. Sukari haikizuii. Kinachokiua ni kuchemka.

Nauza chai miaka kumi na moja, na miezi ya kwanza nilimwaga sufuria nyingi kwa kosa hilohilo. Mama Zuu, kwa lita yako moja ningefanya hivi. Nusu lita ya maji na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iliyotwangwa, ichemke peke yake dakika tano au zaidi, mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Tia majani vijiko vidogo vitatu, yatokote dakika mbili, kisha chuja. Hapo ndipo uchungu unapoingia au kukosa kuingia: ukiyaacha majani humo wakati unasubiri maziwa yapate moto, yanatoa kila kitu. Maziwa nayachemsha pembeni, nayaunganisha na chai iliyochujwa, natia iliki sita zilizotwangwa, inatokota mara moja, naepua. Iliki ikichemka muda mrefu harufu yake yote inaondoka na mvuke.

Kabla ya maziwa, onja. Ulimi ukikauka kama umekula embe changa, huo ni ukakasi wa majani, na maziwa yataupunguza kidogo. Ikiwasha kooni, ni tangawizi.

Mwiko unasaidia kidogo tu, unakata utando unaozuia mvuke. Moto ukiwa mkali, povu linaupita. Tumia sufuria pana, maziwa yasipite nusu yake. Na kwa mkaa, funika makaa kwa majivu kabla hujabandika maziwa, maana mkaa hauna pa kupunguzia.

Baba Imani, Nakuru
Kuchuja kabla ya maziwa sikubali. Kwetu majani yanachemka ndani ya maziwa na ndiyo yanayotoa rangi ile nzito. Tangawizi sawa, itangulie. Lakini chai ya majani yaliyotolewa mapema kwangu ni maziwa yenye rangi.

Mpika Chai wa Asubuhi
Kaka, kwa sufuria ya kunywa papo hapo hakuna ubaya. Yangu inakaa kwenye chupa mpaka saa nne. Majani yakibaki humo, mteja wa mwisho anakunywa dawa.

Nuru, Maskati
Huku natumia maziwa ya kopo, yale mazito, hayajawahi kukatika hata nikichelewesha tangawizi. Ila yanashika chini haraka, na yakishika, chai nzima inanuka moshi. Nakoroga bila kuacha. Je, unga wa tangawizi nao unakata maziwa?

Mpika Chai wa Asubuhi
Mimi wa unga haujawahi kunikatia, ila unaacha mchanga kikombeni. Hata hivyo nauchemsha kwanza.

Mjukuu wa Bibi
Mimi kwa mafua natia tangawizi, ndimu na asali, natoka jasho, asubuhi mzima.

Kijana wa Sinza
Hiyo ni ya rangi, ndugu. Ndimu kwenye maziwa utapata mtindi.

Shangazi wa Lushoto
Mama Zuu, maziwa yalikuwa ya lini? Ya jana yasiyochemshwa yanakatika yenyewe yakipata moto, hata bila tangawizi. Mimi najaribu kijiko kimoja juu ya moto kabla ya kumwaga yote.

Mama Zuu
Shikamoo shangazi. Yalikuwa ya Jumamosi jioni, hayakuchemshwa. Leo nimetumia mapya, tangawizi ikatangulia dakika sita, majani nikachuja. Haikukatika wala haikuwa chungu, lakini sasa sijui aliyekosa Jumapili ni maziwa au tangawizi. Na imefurika tena kidogo, sufuria yangu ni ile nyembamba ndefu.

Shangazi wa Lushoto
Marahaba. Kesho chemsha maziwa yakifika tu, ya jioni hiyohiyo, halafu tangawizi itie mbichi kama ulivyofanya Jumapili, kikombe kimoja tu. Yakikatika tena, utamjua.