Etaloni ya milimita 3 au ya milimita 10 kwa mstari mwekundu wa kadimi: ipi inafaa?

mwanafunzi_spektra

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Tunajiandaa kupima athari ya Zeeman, yaani mstari wa mwanga kugawanyika ndani ya uga wa sumaku, kwa mstari mwekundu wa kadimi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 643.8. Taa itakaa kati ya ncha za sumaku-umeme inayofika tesla 0.6, nasi tumepanga kufanya kazi kwenye tesla 0.5, tukitazama kutoka ubavuni mwa uga wa sumaku. Kabatini zimo etaloni mbili, zote zikiwa na hewa kati ya vioo viwili sambamba. Ya kwanza ina mwanya wa milimita 3 na uakisi wa asilimia 85. Ya pili ina mwanya wa milimita 10 na uakisi wa asilimia 90. Mwenzangu anashikilia kwamba ya pili ni bora kwa vyovyote, kwa kuwa pete zake ni nyembamba zaidi. Naomba ushauri kabla hatujafunga vifaa mezani.

jicho_la_leza

Mwenzako amesema kweli. Kadiri vioo vinavyoachana ndivyo finesi, yaani wembamba wa pete ukilinganishwa na nafasi kati yake, inavyopanda, na finesi ikipanda unatenganisha mistari iliyo karibu sana. Chukueni ya milimita 10 mmalize kazi.

fundi_wa_vioo

Ndugu jicho_la_leza, ni kweli kwamba etaloni ya milimita 10 hutenganisha mistari iliyo karibu zaidi, lakini sababu uliyoitoa si yenyewe. Mwanya d hauingii kabisa katika finesi F inayotokana na uakisi R:

```
F  = π√R / (1 − R)
Δν = c / (2nd)
```

Uakisi wa asilimia 85 unatoa finesi ya takriban 19, na wa asilimia 90 takriban 30, hata mkivitenganisha vioo kwa mita nzima. Kinachobadilika kwa mwanya ni upana huru wa spektra, yaani hiyo Δν, ambayo ni hatua ya masafa baada yake pete hujirudia katika daraja linalofuata. Kwa milimita 3 hatua hiyo ni gigahezi 50. Kwa milimita 10 ni gigahezi 15. Ukiigawa kwa finesi unapata upana wa pete: gigahezi 2.6 kwa ya kwanza, na gigahezi 0.5 kwa ya pili.

Sasa tuutazame mstari wenyewe. Mstari huu wa kadimi hugawanyika katika sehemu tatu, na kila sehemu ya pembeni husogea kwa gigahezi 14 kwa kila tesla. Kwenye tesla 0.5 zile za pembeni zitakuwa gigahezi 7 juu na gigahezi 7 chini ya ile ya katikati, kwa hiyo kundi zima linataka nafasi ya gigahezi 14. Etaloni yenye mwanya wa milimita 10 ina nafasi ya 15 tu. Pete ya nje ya daraja moja itakuwa gigahezi 1 tu kutoka pete ya ndani ya daraja la jirani, na kwa kuwa mwendo wa atomi za taa unaongeza upana wake kwa kama gigahezi 0.7, pete hizo mbili zitaungana na kuonekana kama moja nene. Mtahesabu pete mbili kwa kila daraja badala ya tatu, kisha mtaanza kuilaumu sumaku. Kwa milimita 3, pete za gigahezi 2.6 zimeachana kwa 7. Hazina uzuri wa kupigia picha, lakini zinasomeka bila utata.

tabora_optiki

Nami niulize hapa hapa. Nina leza ya heliamu na neoni yenye mrija wa sentimita 30, na nataka kuona modi zake. Hiyo ya milimita 10 si itanitosha?

fundi_wa_vioo

Haitatosha. Modi za mrija huo zimeachana kwa takriban gigahezi 0.5, sawa na upana wa pete moja ya etaloni hiyo. Unahitaji mwanya wa kama milimita 50, unaotoa hatua ya gigahezi 3, na finesi ya 30 itakupa upana wa gigahezi 0.1. Tafadhali fungua mada yako, tusimchanganye mwenye swali.

kidawa_maabara

Je, kwa nini wasipake utando mpya wa asilimia 97 kwenye ile ya milimita 3? Finesi itavuka 100 na upana wa pete utashuka hadi gigahezi 0.5. Wangepata nafasi pana na wembamba kwa pamoja.

fundi_wa_vioo

Kwenye karatasi ndivyo, dada Kidawa, lakini uso wa kioo nao una neno lake. Ikiwa kioo kimebonyea kwa sehemu moja ya 50 ya urefu wa wimbi, ubonyeo huo peke yake unaiwekea finesi ukomo wa takriban 25, na utando wa asilimia 97 hautauondoa. Ungeipandisha kutoka kama 15 halisi hadi kama 24, huku mwanga mwingi ukipotea: utando unaofyonza nusu ya asilimia hupitisha takriban asilimia 93 ya kilele ukiwa na uakisi wa 85, ila ukiwa na 97 hupitisha takriban asilimia 69. Dalili yake ni rahisi kuiona. Funga mwanga kwa tundu dogo katikati ya kioo. Pete zikiwa nyembamba ghafla, tatizo ni uso wa kioo.

mwanafunzi_spektra

Nashukuru sana. Tumefunga ile ya milimita 3 na lenzi ya milimita 150. Kabla ya kuwasha sumaku, nusu-kipenyo cha pete moja kilikuwa milimita 2.61 na cha pete inayofuata 3.41. Baada ya kuwasha, pete ya 2.61 ilizaa jirani wa nje kwenye 2.74 na wa ndani kwenye 2.48. Je, nigawanye tofauti hizi moja kwa moja?

fundi_wa_vioo

Hapana, tumia miraba ya nusu-vipenyo, kwa sababu pete husongamana kadiri unavyotoka katikati, ilhali miraba yake hupanda kwa hatua sawa. Daraja zima ni 11.63 kutoa 6.81, yaani 4.82. Kutoka pete ya ndani hadi ya nje ni 7.51 kutoa 6.15, yaani 1.36. Uwiano wake ni 0.282, na mara gigahezi 50 unapata 14.1. Nusu yake ni takriban 7.05, ambayo inaashiria uga wa tesla 0.50. Linganisheni na kipima-uga chenu. Jambo moja zaidi: pandisheni mkondo polepole kutoka sifuri mkiifuata pete moja inavyogawanyika, ili msije mkahesabu pete ya daraja jingine.

mwalimu_wa_pwani

Ningependa kuitetea etaloni ya milimita 10, maana imehukumiwa haraka. Ukiweka polaroidi na kuizima sehemu ya katikati, halafu ukapandisha uga hadi tesla 0.536, pete za pembeni za madaraja jirani zitakutana kabisa, kwani mgawanyiko utakuwa gigahezi 15 kamili. Hapo hupimi nusu-kipenyo chochote. Unasoma uga tu wakati pete mbili zimekuwa moja. Makosa ya lenzi na ya kamera yanatoka nje ya hesabu.

fundi_wa_vioo

Mwalimu, njia hiyo ninaiheshimu, ila jicho litaamuaje kwamba zimekutana? Kwa upana wa jumla wa kama gigahezi 1, pete zilizopishana kwa nusu gigahezi zinaonekana zimeungana tayari, na hiyo ni zaidi ya asilimia 3.

mwalimu_wa_pwani

Hupimi pale zinapoungana. Unasoma uga pale zinapoanza kuachana upande wa chini, kisha upande wa juu, na kuchukua katikati. Sumaku inayofika tesla 0.6 inatosha kuvuka pande zote mbili. Mwanafunzi akiwa na muda, afanye zote mbili atuletee namba.

mwanafunzi_spektra

Sumaku yetu hupata joto sana ikikaa juu ya tesla 0.5, na uga hushuka huku tukiutazama. Nitajaribu upande wa chini kwanza.