Naomba ushauri: Tesseract ya bure au huduma ya mtandaoni?

Habarini wakuu, sisi ni kikundi kidogo cha akiba na mikopo huku Tukuyu, tuna kurasa kama 1,400 za mihtasari na leja za zamani tunataka ziwe maandishi ya kutafutika. Kompyuta ni moja, bando ni la kuungaunga na mvua ikinyesha mtandao ndo kwaheri.

Nimejaribu Tesseract, programu ya kugeuza picha za kurasa kuwa maandishi, maana ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaweka faili la Kiswahili, naandika hivi:

```
tesseract uk01.png uk01 -l swa
```

Kurasa za taipureta nilizoskani kwa nukta 300 kwa inchi inasoma vizuri tu, ila nilizopiga kwa simu zikaingia kivuli inaharibu, 0 inakuwa O na 1 inakuwa l, kwenye leja hiyo ni hela ya mtu jamani. Zilizoandikwa kwa mkono, kama 300 hivi, ndo inatoa takataka kabisa.

Sasa nawaza zile 300 tu ndo nizitume kwenye huduma ya kulipia, kila picha ni kama MB 1 so bando natoboa. Ila zina majina na madeni ya wanachama, mwenyekiti kagoma. Mngekuwa nyie mngezichapa kwa mkono au mngetuma?