Naomba msaada: wimbo wa Captain Tsubasa, ila si wa Kijapani

Wadau, nina sauti ya wimbo wa mwanzo wa katuni ya soka ya Captain Tsubasa niliyoinakili kutoka kaseti ya video. Wimbo wa Kijapani naujua, na huu si tafsiri yake: hata tuni ni nyingine kabisa. Kwenye kiitikio nasikia "Oliver" na "Benji". Waitaliano walimwita mhusika mkuu Tsubasa kwa jina la Holly, Wafaransa wakamwita Olive na kipa wakampa jina la Tom, Waarabu wakamwita Majed. Kwa hiyo nashuku Kihispania, ingawa maneno mengine yamefifia.

Programu za simu za kutambua nyimbo hazijatoa jibu lolote. Nadhani kasi imechangia: filamu ya picha 24 kwa sekunde ikirushwa Ulaya kwa 25, sauti hukimbia na kupanda kama asilimia 4. Je, niipunguze kasi kabla ya kujaribu tena, au wimbo wa televisheni huenda ulirekodiwa kwa kasi ya 25 tangu mwanzo?

Na wajuzi wa Kihispania, toleo hilo lilikuwa na wimbo mmoja tu? Jina la mwimbaji ndilo ninalolitafuta hasa.