Naomba msaada wa kuandika upya tangazo la kibanda changu cha uwakala

Wakala wa Mnadani (mwanzisha uzi)
Habari za jioni, wakuu. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu katika mji mdogo wenye mnada wa mifugo mkoani Tabora. Dirishani nimebandika maneno haya: "Kwa sababu ya tatizo la mtandao floti imepungua. Kutoa mwisho 50,000 kwa muamala. Samahani kwa usumbufu." Badala ya kuelewa, wateja wanagombana nami kutwa nzima. Naomba mnisaidie kuliandika kwa lugha laini zaidi.

Mzee Kibatari
Andika "Leo hapana, kesho njoo", kisha ulibandike kila siku.

Mama Chausiku
Pole, mwanangu. Nenda kwa wakala mkuu ununue floti, na tangazo utalibandua wewe mwenyewe. Mimi nilipokuwa na kibanda, kilichonisumbua zaidi ni wateja waliokosea namba, kwani walitaka niwarudishie fedha ambazo zilikwisha kwenda kwa mtu mwingine kabisa.

Bibi Hesabu
Mama, akinunua floti kwa noti alizo nazo, droo itazidi kukauka. Ndugu wakala, tangazo lako linajipinga. Mteja anapotoa fedha, floti yako huongezeka na noti ndizo zinazopungua. Anapoweka, huwa kinyume chake. Kama floti ndiyo iliyopungua, ungepaswa kuweka kikomo kwenye kuweka na kuwashukuru wanaokuja kutoa. Tafadhali tutajie mtaji wako, floti iliyomo kwenye laini sasa hivi na noti zilizomo kwenye droo.

Wakala wa Mnadani
Mtaji ni 3,000,000. Floti ni 350,000 na taslimu ni 450,000. Lakini swali langu lilihusu maneno ya tangazo tu.

Msomaji Kimya
Wakuu, hadithi hii imetungwa. Floti na taslimu zikijumlishwa ni 800,000, na wakala yeyote wa kweli anajua kwamba jumla hiyo haibadiliki kwa sababu ya kuweka na kutoa, bali huhama tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hizo 2,200,000 zimemezwa na mtandao?

Wakala wa Mnadani
Sijatunga. Nimempa shemeji yangu akanunue mpunga, na ameahidi kurudisha wiki ijayo. Mtaji ni wangu, sikuiba kwa mtu, na isitoshe wakati huu wa mavuno hakuna anayeacha fedha zilale.

Mzee Kibatari
Basi mtandao wenyewe ni shemeji.

Mama Chausiku
Mwanangu, fedha ya kazi haikopeshwi ndugu. Nimemaliza.

Bibi Hesabu
Mambo ya mpunga ni yako, lakini mtandao uondoe, kwa sababu mteja akivuka barabara na kutoa fedha kwa jirani yako bila shida, atajua umemdanganya. Ondoa pia "kwa muamala". Anayehitaji 200,000 atatoa mara nne, na kwa kuwa makato yamepangwa kwa viwango, atalipa zaidi ya ambavyo angelipa kwa kutoa mara moja, huku wewe ukionekana unatafuta kamisheni. Weka kikomo kwa kila mteja kwa siku, na mwenye shida kubwa zaidi mwelekeze kwa wakala mwingine.

Kubwa kuliko yote ni kwamba mteja ndiye anayeingiza namba yako ya wakala na kuthibitisha kwa namba yake ya siri. Akithibitisha kabla hujahesabu noti, fedha imekwisha kuingia kwenye floti yako na huna cha kumpa, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu wateja, tafadhali ulizeni kabla ya kuthibitisha kutoa fedha kwenye simu. Kwa sasa taslimu ni chache, hivyo kila mteja anaweza kutoa hadi 50,000 kwa siku. Kuweka fedha kunaendelea. Anayetaka kuweka kiasi kikubwa aulize kwanza. Anayehitaji kutoa zaidi atupe taarifa siku moja kabla, tumweleze kama fedha zitapatikana. Hatutozi chochote nje ya makato ya kawaida."

Usitaje kiasi kilichomo kwenye droo, kwa kuwa tangazo husomwa pia na wezi.

Msomaji Kimya
Naondoa shaka yangu kuhusu hadithi, ila si kuhusu shemeji. Mwisho wa kikomo ni lini?

Wakala wa Mnadani
Nataka kuongeza "hadi Jumatatu", ili wateja wasihamie kwa jirani moja kwa moja.

Bibi Hesabu
Tarehe iandikwe fedha ikishafika mkononi. Ukiiandika sasa na mpunga ukachelewa kuuzika, Jumatatu watakuja wote pamoja.

Wakala wa Mnadani
Maneno ya mtandao nimeyafuta na hilo la kuuliza kwanza nimeliweka juu kabisa kwa herufi kubwa. "Hadi Jumatatu" nitaliacha libaki kwenye tangazo, kwa kuwa shemeji amenihakikishia kwa simu asubuhi hii.