Tupeane uzoefu: ulikuta nini kwenye taarifa yako ya M-Pesa upande wa kubeti, na pesa hiyo sasa inaenda wapi?

Karani wa Mikopo

Habari zenu. Nafanya kazi ya mikopo kwenye SACCO moja hapa Nairobi, na kila wiki nasoma taarifa za M-Pesa za watu wanaokuja kukopa. Kuna jambo linaloniuma sana. Mtu anakaa mbele yangu akisema anabeti "hizo hamsini hamsini tu", na wala hadanganyi. Ndivyo anavyokumbuka. Siku aliyoshinda elfu nane, ploti nzima ilijua. Zile hamsini hakuna aliyezisikia, hata yeye mwenyewe.

Taarifa nayo inazificha. Ukiomba ya miezi sita kupitia *334#, inatumwa kwa barua pepe, na mwanzoni kuna jumla ya kila aina ya malipo. Hapo stima, karo, kodi ya nyumba na kubeti vyote vimerundikwa kwenye mstari mmoja wa Paybill, kwa hiyo unaona tu kwamba una bili nyingi. Shuka kurasa za ndani. Tafuta jina la kampuni unayochezea, ujumlishe zote zilizo kwenye safu ya Withdrawn, kisha utafute zilizorudi kutoka kwao kwenye safu ya Paid In. Tofauti ndiyo gharama yako. Salio lililobaki kwenye akaunti ya kubeti usilihesabu, hilo bado halijarudi kwako.

Ukimaliza, soma safu ya Completion Time. Kwangu mimi hiyo ndiyo safu yenye maana zaidi, kwa sababu karibu kila mtu ana saa zake. Ukiijua saa, unajua mahali pa kuweka kitu kingine.

Tupeane uzoefu. Ukitaja akiba, taja kitu chenyewe, bei yake na lini unakihitaji. "Nimeanza kujipanga" haitusaidii hapa.

Nduthi wa Kariobangi

Mimi niliombwa taarifa ya miezi mitatu nilipotaka mkopo wa pikipiki, ndiyo nikajumlisha kabla sijaipeleka. Zilizotoka kwenda kubeti zilikuwa 27,400. Zilizorudi 11,900. Yaani 15,500 zimeenda, karibu 170 kila siku, na hiyo pikipiki si yangu, namlipa mwenyewe mia nne kila jioni.

Saa zangu zilikuwa saa nane hadi saa kumi mchana. Hapo steji imelala, hakuna abiria, mmekaa kwenye kivuli na simu. Usiku sikuwa nabeti hata kidogo. Sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipoliona kwenye karatasi.

Dipositi ya pikipiki ya mkopo niliambiwa ni 25,000. Mwanzo niliweka pesa kwenye akiba ya simu. Haikufanya kazi, maana Jumamosi mechi zikianza naitoa kwa dakika moja. Sasa tuko watu sita wa steji, tuna chama, na kila siku saa saba, kabla ile saa mbaya haijafika, natuma mia kwa mweka hazina. Kutuma mia hakukatwi ada. Siku ikiwa nzuri natuma tena mia nyingine. Ukitaka kutoa kabla ya wakati, lazima watatu wakubali, na hao watatu wote wanajua kwa nini unataka. Imefika 13,200. Mvua ikinyesha mfululizo kuna siku situmi chochote, na tulikubaliana kwamba siku hiyo hailipwi faini, kwa sababu faini ndiyo iliyovunja chama chetu cha kwanza.

Single Tu

Heshima kwako Nduthi, lakini tatizo lenu ni multibeti. Mtu anapanga timu kumi na moja, ya mwisho inamchomea. Mimi nacheza mechi moja moja, odi ndogo, timu ninayoijua. Kampuni inakula kwa wale wa multi. Ukiwa na nidhamu haikuli.

Aliyekuwa Kaunta River Road

Single Tu, umesema nusu ya ukweli, na hiyo nusu ni muhimu, kwa hiyo ngoja nieleze. Nilikaa kwenye kaunta ya duka la kubeti miaka kadhaa kabla sijaacha.

Chukua mechi ambayo kupata magoli zaidi ya mawili na kutopata ni sawa kwa sawa. Odi ya haki ingekuwa 2.00 kila upande. Wewe unapewa 1.90 na 1.90. Kwa hiyo katika kila mia inayowekwa, wachezaji kwa wastani wanarudishiwa 95. Hiyo tano kampuni imeikata kabla mpira haujapigwa, iwe timu unaijua au huijui. Ukiunganisha mechi kumi za namna hiyo, 95 inakatwa tena na tena mara kumi, na kati ya ile mia inabaki kama 60. Hapo uko sahihi, multi inakula haraka.

Lakini wewe wa mechi moja, ukirudishiwa unafanya nini? Unaiweka tena. Ukiizungusha mara kumi, umefika pale pale kwenye 60, tofauti ni kwamba umefika polepole na katikati umeshangilia mara kadhaa. Odi ndogo haibadilishi hilo, inabadilisha tu ni mara ngapi unashinda kabla hujapoteza.

Na ile ndege, Aviator, yenyewe inatangaza kwamba inarudisha asilimia 97. Watu wanaona tatu ni kidogo. Raundi moja haimalizi dakika. Mtu akizungusha mia yake raundi thelathini, ambayo ni mapumziko ya chai, kwa wastani amebaki na 40. Kukatwa tatu mara moja si kitu. Kinachommaliza ni kukatwa tatu kila baada ya sekunde kadhaa.

Ongeza ushuru. Tangu Julai 2025 kuna asilimia 5 unapoweka pesa kwenye akaunti ya kubeti na asilimia 5 unapoitoa. Weka elfu moja, usicheze chochote, uitoe: unapata 902 na senti hamsini.

Single Tu

Mahesabu nimeyasoma. Bado nasema mwaka huu niko juu.

Karani wa Mikopo

Inawezekana kabisa, ndugu yangu. Wako wanaokuwa juu kwa mwaka. Omba taarifa, ujumlishe zile safu mbili, utuletee tofauti. Ikiwa uko juu tutaiandika hapa hapa.

Mama Shiku, Kayole

Mimi sibeti. Ni baba ya watoto. Naweza kupata taarifa ya simu yake bila yeye kujua? Kila mwezi anasema kazini wamekatwa.

Karani wa Mikopo

Hapana, mama. Taarifa ni ya mwenye laini, na hata ukiipata kwa mlango wa nyuma mtagombana juu ya simu badala ya kuzungumzia pesa. Wanandoa waliofika kwangu wakiwa wametulia walianza na kitu kimoja chenye bei ambacho wote wawili wanakitaka. Je, kipo?

Mama Shiku, Kayole

Karo ya Shiku, 14,000 kwa muhula. Hilo hata yeye linamuuma, amerudishwa nyumbani mara mbili mwaka huu.

Dada wa Saluni, Roysambu

Mama Shiku, hapo ndipo mimi nilipata njia. Shule ya mwanangu inapokea karo vipande vipande. Namba ya akaunti ni ile ile ya mtoto, huhitaji kungoja upate yote. Saa zangu zilikuwa usiku baada ya kufunga saluni, niko kwenye matatu Thika Road, kidole kinaenda kwenye Paybill chenyewe. Nikaamua kidole kiende kwenye Paybill ya shule. Mia mbili, mia tatu. Ikishaingia shule hairudi, hata mechi iwe tamu namna gani. Muhula ukifunguliwa naanza nikiwa tayari nimelipa zaidi ya nusu.

Angalieni ada tu, maana baadhi ya Paybill humkata mteja. Yangu ilikuwa inakata, kwa hiyo sasa nalipa Jumatatu na Ijumaa, si kila siku.

Na zile meseji za "weka 50 upate bonasi" nilizizima kwa *456*9*5#. Zilizobaki nikazuia namba moja moja. Kwenye akaunti yangu ya kubeti pia kulikuwa na mahali pa kujifungia, nikachagua muda mrefu kabisa uliokuwepo. Najua mtu anaweza kufungua kwa kampuni nyingine. Mimi kile kizuizi kidogo kilinitosha.

Kijana Umoja

Swali. Karani umesema SACCO inaangalia. Kwa hiyo nikitumia laini nyingine ya kubeti, hii ya mshahara ikae safi, mkopo nitapata?

Karani wa Mikopo

Sikuuliza namna ya kuficha, lakini nitakujibu kwa uwazi. Tunaona unatuma pesa kwa namba moja kila siku, nayo hairudishi kitu, na tutakuuliza ni ya nani. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba gharama itakuwa kwenye laini mbili na wewe mwenyewe hutaweza tena kuijumlisha. Mkopo ukiupata, marejesho na kubeti vitagombania mshahara ule ule.

Abdi, Eastleigh

Kwetu kubeti ni haramu na nilicheza nikijua hivyo, kwa hiyo sitaongeza neno. Tatizo langu ni la pili: kila mahali mnapotaja pa kuweka akiba kuna riba. Mimi nililipa polepole kwa muuza vitambaa, mzigo wa 40,000, ananiandikia risiti kila nikileta kitu. Ubaya wake ni kwamba dukani kwake kukiwa na shida, pesa yangu imo. Mwenye njia bora aseme.

Dada wa Saluni, Roysambu

Kuna mifuko ya uwekezaji inayofuata sharia, uliza iliyosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Sijaitumia, lakini mteja wangu mmoja anayo na kutoa humchukua siku kadhaa za kazi. Kwa hili letu, hizo siku ni faida.

Mlinzi wa Usiku, Industrial Area

Mimi nina deni la app tatu za mkopo, zote zilitokana na kubeti. Sasa mnaongea akiba. Nianze na akiba au deni?

Aliyekuwa Kaunta River Road

Deni. Riba ya app hakuna akiba itakayoifikia. Lipa ile ndogo kabisa uifute, uende inayofuata.

Nduthi wa Kariobangi

Mimi sikubali sana. Nililipa madeni yote bila kuweka kitu, tairi likapasuka, nikarudi kwenye app siku hiyo hiyo, halafu nikabeti nikitaka kuirudisha. Weka hata elfu mbili ya dharura kwanza, halafu ushambulie deni.

Karani wa Mikopo

Mlinzi, kabla hatujagawanyika zaidi, tuandikie deni la kila app, tarehe yake, na saa zako kwenye Completion Time. Kwa kazi ya usiku nadhani ni saa nane hadi kumi na moja alfajiri, lakini usinifuate mimi, soma karatasi. Elfu mbili ya Nduthi inaweza kuwa sawa au isiwe, inategemea ni app gani inayokukata kwanza.

Mlinzi wa Usiku, Industrial Area

Nimeomba ya miezi sita. Nikitoka zamu nitaandika.